Funika, weka lebo, andika tarehe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bango la wauza vyakula vya barabarani

Ukurasa huu unakwenda pamoja na bango la ukaguzi wanalobandika wauzaji wa vitu vilivyofungwa: karanga, krispi za muhogo na ndizi, kashata, visheti, ubuyu, maandazi ya pakiti, juisi za chupa. Mifano ni ya Dar es Salaam, mji wa joto na unyevu, ambako pakiti hushinda juani kituoni tangu asubuhi. Anayeuza Njombe kwenye baridi atafuata hatua hizohizo, ila tarehe zake zitatofautiana.

Bango lenyewe linasema nini?

Maneno yake ni haya. Unaweza kuyanakili kwa mkono kwenye karatasi ngumu ukaifunika kwa nailoni.

KABLA YA KUPANGA MEZA
☐ Kila pakiti nimeibana, haitoi hewa
☐ Kila pakiti ina lebo, na lebo iko nje
☐ Tarehe inasomeka, mwezi umeandikwa kwa herufi
☐ Zilizotangulia kufungwa ziko mbele
☐ Zilizofika mwisho nimezitoa, hazipo hata chini ya meza

WAKATI NAUZA
☐ Kisichofungwa kiko ndani ya kabati la kioo au chini ya mfuniko
☐ Pakiti haziko juani wala juu ya lami
☐ Vya baridi viko kwenye barafu, saa ya kutoka nyumbani imeandikwa

NIKIFUNGA
☐ Zilizobaki nimezihesabu kwa tarehe zake

Kwa nini bango linakaa upande wa muuzaji na si upande wa mteja?

Kwa sababu ni la kazi. Likitazama barabarani linageuka tangazo, na baada ya wiki halisomwi na mtu. Libandike ndani ya mlango wa kabati au chini ya mwamvuli, mahali macho yako yanapofika ukiwa unapanga. Ukilifunika kwa nailoni unaweza kuweka vema kwa makapeni na kufuta kesho yake.

Nimefunika maandazi kwa chandarua. Si inatosha?

Inatosha kwa nzi, kama chandarua hakigusi andazi. Kikilala juu ya chakula, nzi hutua juu ya chandarua na miguu yake inafika palepale. Na vumbi la daladala linapita kwenye matundu bila kizuizi. Kwa meza iliyo kando ya barabara, bango linataka kitu kigumu chenye pande zote: kabati la kioo, ndoo safi yenye mfuniko, au beseni linalofunikwa na beseni jingine. Gazeti halimo kwenye orodha hiyo, wala la kufunikia wala la kufungia. Wino wake haukutengenezwa kwa ajili ya chakula, na andazi lenye mafuta linaunyonya.

Kosa lililo kinyume chake ni kufunika mapema mno. Andazi likitoka kwenye mafuta likaingizwa moja kwa moja kwenye pakiti, mvuke unakosa pa kwenda. Unageuka matone upande wa ndani wa nailoni, matone yanalowesha ngozi ya andazi, na hapo ndipo ukungu unapoanzia. Ukiona pakiti ina ukungu wa maji kwa ndani, hiyo ilifungwa ya moto. Tandaza maandazi kwenye wavu chini ya kifuniko chenye nafasi ya hewa, ukisubiri mpaka ukilipasua moja katikati usisikie joto. Ngozi hupoa upesi, moyo wa andazi huchelewa.

Nafunga pakiti kwa mshumaa. Kuna ubaya?

Wengi wanafunga hivyo na wapo wanaofunga vizuri, lakini mshumaa una matatizo mawili. Moto hauna kipimo, kwa hiyo mahali pengine nailoni inaungana na pengine inayeyuka na kuacha tundu. La pili ni masizi yanayobaki kwenye mdomo wa pakiti, palepale mteja anapochana kwa meno.

Kabla ya kubishana kuhusu njia, pima. Chukua pakiti tano kutoka kwenye zile ulizofunga, moja ya mwanzo, moja ya mwisho, nyingine za katikati. Zizamishe kwenye ndoo ya maji moja moja na uzibane polepole kwa viganja. Vipovu vikitoka kwenye mstari, hewa inapita, na penye njia ya hewa unyevu na sisimizi nao wanapita. Ukikuta moja imevuja, kagua zote za siku hiyo kwa kuzibana mkononi na kusikiliza. Zile tano zilizoingia majini kausha na mle nyumbani, usizirudishe mezani.

Mashine ndogo ya mkono ya kubana nailoni kwa umeme inatoa mstari mmoja ulionyooka na haitoboi nailoni, ukishapata kiwango chake cha joto. Pini za stepla ziache kabisa. Haziwezi kuzuia hewa, na moja ikidondokea kwenye karanga mteja ataipata kwenye jino.

Karatasi ya lebo naiweka ndani ya pakiti pamoja na karanga. Mbona bango linasema iwe nje?

Karanga iliyokaangwa ina mafuta mengi. Karatasi ikikaa nayo inayanyonya, wino unalegea, na baada ya siku kadhaa jina la biashara linasomeka kwenye karanga kuliko kwenye karatasi. Tumia stika ya nje. Kama stika ni ghali, kunja karatasi juu ya mdomo wa pakiti baada ya kuibana, kisha bana mstari wa pili juu yake, ili karatasi ikae kwenye mfuko wake peke yake bila kugusa chakula.

Tarehe nayo iandike kwenye stika kabla ya kuibandika. Ukiandika moja kwa moja kwenye nailoni, kidole chenye mafuta kikipita tu imefutika, na pakiti isiyo na tarehe ni sawa na iliyopitiliza: ondoa.

Lebo ya pakiti ndogo iandikwe nini? Nafasi yenyewe haitoshi.

Kanuni ya kimataifa ya Codex kuhusu lebo za vyakula vilivyofungwa inataka jina la chakula, viungo, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi kilikotoka, namba ya toleo, tarehe na namna ya kuhifadhi. Tazama hivi inavyokaa kwenye stika ya ukubwa wa kiberiti:

KARANGA ZA KUKAANGA ZENYE CHUMVI
Viungo: karanga, chumvi
Uzito: g 50
Imefungwa: 7 MACHI 2026
Bora kabla ya: 4 APRILI 2026
Toleo: K0703
Hifadhi pakavu, mbali na jua
Jina la biashara, mtaa, Dar es Salaam, Tanzania, namba ya simu

Inaenea. Kisichoenea ni maua, picha ya mwanamke aliyebeba ungo na maneno kama "tamu hatari", na hivyo ndivyo vinavyokula nafasi kwenye lebo nyingi.

Mstari wa viungo usiuruke hata kama ni viungo viwili. Karanga, maziwa, mayai, samaki, kamba, korosho na jamii yake, na ngano ni miongoni mwa vyakula vinavyotajwa na Codex kwamba lazima vitajwe kila vinapotumika, kwa sababu kuna watu vinawadhuru vibaya. Karanga kwenye pakiti ya karanga kila mtu anaziona. Hatari iko kwenye kashata ya nazi iliyokorogwa kwenye sufuria ileile iliyotoka kupikia ya karanga, au krispi zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyokaangia samaki. Hapo andika, au badilisha sufuria na mafuta.

Tarehe ya mwisho naipata wapi? Mwenzangu anaandika miezi sita, nami nikaandika miezi sita.

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote kwenye ukurasa huu. Tarehe ya mwenzako imetokana na karanga zake, mafuta yake, nailoni yake na mahali anapozitundika, au haikutokana na kitu chochote. Yako lazima itokane na vyako.

Tuchukue karanga zilizofungwa Jumamosi tarehe 7 Machi 2026. Jaribio lenyewe linatangulia, kwa mzigo wa aina hiyohiyo wa mwanzoni mwa Januari: mama muuzaji anafunga kama kawaida, kisha anatenga pakiti nane. Hazifichi kabatini. Anazitundika palepale zinapotundikwa za kuuza, mchana zikae kituoni na usiku zirudi nyumbani na mzigo. Kila Jumamosi anafungua moja na kuangalia mambo manne kwa mpangilio huu: kwanza harufu mara tu pakiti inapochanwa, kabla hewa haijachanganyika, pili mlio wa karanga inapovunjika kwenye jino, tatu ladha, hasa ile inayobaki kooni baada ya kumeza, nne macho, kutafuta ukungu au mafuta yaliyotoka na kupaka nailoni. Anaandika kwenye daftari neno moja tu kwa kila kipimo.

Tuseme daftari lake linasomeka hivi. Wiki ya 1 hadi ya 5, sawa yote. Wiki ya 6, mlio umepungua kidogo, ladha sawa. Wiki ya 7, harufu ya mafuta ya zamani inatoka pakiti ikichanwa, na uchungu unabaki kooni. Kwa hiyo wiki ya 6 ndiyo ya mwisho kuwa nzuri. Lakini haandiki wiki sita, kwa sababu pakiti aliyoifungua ni moja, na mteja atakayeiacha ndani ya gari lililofungwa juani hajamwuliza. Anachukua theluthi mbili ya muda ule, yaani wiki nne. Kutoka 7 Machi, wiki nne zinaangukia Jumamosi tarehe 4 Aprili. Hiyo ndiyo tarehe iliyoko kwenye lebo ya hapo juu.

Jaribio hilo linamalizika pale kitu kimoja kinapobadilika. Akihama kutoka nailoni nene kwenda nyepesi, anarudia. Akianza kupaka sukari, anarudia. Masika nayo yanastahili jaribio lake, kwa kuwa karanga iliyodumu wiki sita Januari inaweza kulegea mapema kwenye unyevu wa Aprili. Kwa krispi, mafuta ya kukaangia ndiyo yanayoamua: yaliyotumika mara nyingi yanaanza kuharibika yakiwa bado kwenye karai, na krispi inayotoka humo imeshakula sehemu ya siku zake kabla haijaingia kwenye pakiti. Pakiti angavu ikikaa juani mambo yanakwenda kasi zaidi, maana mwanga na joto vyote viwili vinaharibu mafuta.

Je, jaribio hilo linaniambia kwamba karanga ni salama?

Hapana. Linakuambia lini zinapoteza ubora. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haina harufu wala ladha ya kuitegemea, na kukaanga hakuimalizi. Hiyo unaizuia wakati wa kununua na kuchambua: karanga kavu, na uondoe kwa mkono zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na zenye ukungu. Zilizotolewa usizisage kuwa siagi ya karanga wala kuzitupia kuku. Tarehe nzuri juu ya karanga mbovu haisaidii kitu.

Njia hiyo ya kufungua pakiti kila wiki naweza kuitumia kwa juisi na maziwa mgando?

Usijaribu. Karanga na krispi ni vikavu, kwa hiyo kinachoviharibu kwanza ni mafuta na unyevu, na ulimi unakugundulia. Juisi na maziwa vina maji ya kutosha kwa vijidudu kuzaliana, na vijidudu vinavyoleta kuhara vinaweza kuwa vingi huku juisi bado ni tamu. Ulimi hauna kazi hapo.

Kwa vya majimaji vilivyotengenezwa nyumbani bila mashine ya kiwandani, bango linataka saa badala ya wiki. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na baridi yenyewe iwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Deli lenye barafu iliyoyeyuka nusu halifiki hapo. Weka kipimajoto cha bei nafuu katikati ya chupa, si juu ya barafu, uangalie adhuhuri. Ukikuta 12, unauza juisi ya vuguvugu yenye barafu ya kuonekana.

Juisi nazo hazilingani. Ya ukwaju na ya ubuyu ni chachu, na uchachu unawapunguzia kasi vijidudu vingi, ingawa haufuti kosa la maji yasiyochemshwa. Ya parachichi na ya tikiti hazina kinga hiyo. Ningekuwa mimi, parachichi nisingeifunga kwenye chupa kabisa. Nisage mteja akiwa amesimama. Barafu ya kutumbukiza ndani ya glasi itoke kwenye maji yaliyochemshwa, maana kuganda hakuui vijidudu.

Kuna tofauti gani kati ya "bora kabla ya" na "tumia kabla ya"?

Ya kwanza ni ya ubora, ya pili ni ya usalama. Karanga, krispi, kashata, visheti na ubuyu vinaandikwa "bora kabla ya". Juisi isiyochemshwa, maziwa na chochote chenye nyama kinaandikwa "tumia kabla ya", na kikishapita hakuna majadiliano, hakuna kunusa, hakuna bei ya hasara.

Tarehe niiandikeje isichanganye?

Mwezi kwa herufi. 05/06 mwingine ataisoma Mei 6, mwingine Juni 5. Codex inakubali siku na mwezi pekee kwa kitu kisichozidi miezi mitatu, na mwezi na mwaka kwa kinachodumu zaidi, lakini kuongeza mwaka hakukugharimu kitu.

Kwa vya saa, andika na kipindi cha siku: "saa 4 asubuhi". Ukiandika saa 4 tupu, kijana wako wa jioni atadhani ni ya usiku, na anayesoma simu ya kizungu atadhani ni saa kumi. Nimeona chupa ya juisi ikibishaniwa kwa sababu hiyohiyo, muuzaji na msaidizi wake kila mmoja ana uhakika.

Pakiti zangu zimebakiza siku tatu. Naweza kuzifungua, nikazikaanga tena kidogo na kuzifunga upya?

Kukaanga tena kunarudisha mlio, na hapo ndipo kunapokudanganya. Mafuta yaliyoanza kuharibika hayarudi nyuma. Joto la pili linayaharakisha. Ukizichanganya na mpya, mzigo wote unafuata tarehe ya zile kuukuu. Yaani kilo moja ya karanga za 7 Machi ndani ya kilo kumi za 28 Machi inafanya kilo kumi na moja za 4 Aprili. Mtu akishapiga hesabu hiyo mara nyingi anaamua kupunguza bei ya zilizobaki siku tatu na kuziuza wazi kama zilivyo, na hilo bango halikukatazi.

Kubandika stika mpya juu ya ya zamani ni udanganyifu. Hata mteja asipojua, namba ya toleo inapoteza maana. Siku mtu akirudi analalamika kuhusu K0703, unatakiwa uweze kuzitoa zote za K0703 mezani bila kugusa nyingine.

Naruhusiwa kutumia chupa za maji zilizokwisha tumika?

Usizitumie. Hujui zilihifadhi nini baada ya maji. Nyingine zimewahi kubeba mafuta ya taa au sabuni ya maji, na shingo yake nyembamba haisuguliki vizuri kwa ndani. Maji ya moto ya kuua vijidudu nayo yanaikunja. Halafu kuna ile lebo ya kampuni nyingine iliyobaki kwenye chupa, ambayo inamwambia mteja jambo lisilo kweli. Nunua chupa mpya zenye vifuniko vinavyokatika zikifunguliwa.

Maandazi na chapati za leoleo nazo ziwekwe tarehe?

Codex imevisamehe tarehe vitu vya kuoka ambavyo kwa kawaida huliwa ndani ya saa 24. Kwa vya karai nafuata njia hiyohiyo kama vinauzwa na kwisha siku hiyo. Lakini msamaha huo unaisha pale unapoyafunga pakiti ya sita sita na kupeleka kwenye duka la jirani yalale huko. Mwenye duka hajui uliyapika lini.

Nikiwa na bango na lebo, bado nahitaji TBS?

Bango ni la kazi za kila siku, si kibali. Tangu 2019 majukumu ya usalama wa chakula yaliyokuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, yalihamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, nayo TFDA ikawa TMDA, ya dawa na vifaa tiba. Bwana afya wa halmashauri anaendelea kukagua mazingira ya kuuzia. Ukitaka pakiti zako ziingie madukani, anzia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO. TBS ina utaratibu wa wajasiriamali wadogo wanaopitia huko. Alama ya TBS usiichore kwenye lebo kabla hujapewa leseni, hata kama mchapaji wa stika anayo tayari kwenye kompyuta yake na anakuuliza kama aiweke.

Mteja anataka kununua karanga zilizopitisha tarehe jana, anasema anaziona ziko vizuri. Nimuuzie?

Huenda kweli ziko vizuri, kwa sababu ulijiachia wiki mbili za akiba. Hata hivyo usimuuzie. Akiziona mezani wengine nao wataziona, na atakayefuata hataambiwa kwamba ni za jana tu. Zitoe asubuhi kwenye mstari wa tano wa bango, mle nyumbani kama zimepita mtihani wa pua na koo, na andika kwenye daftari zimebaki ngapi. Zikibaki nyingi kila mwezi, unafunga mzigo mkubwa kuliko unaouza. Punguza kilo za kukaanga Jumamosi.